Mama Mkwe Alipofungua Imeili Yangu

Shule niliishia kidato cha pili. Huwa nawaambia watu sikuiacha, yenyewe ndiyo iliendelea mbele, mimi nikabaki nimesimama. Lakini kule Kwedizinga nilikozaliwa nilihesabika msomi kwa sababu moja tu: nilikuwa na imeili.

Na hiyo imeili sikuiomba. Nilinunua simu ya kupangusa, ikagoma kufanya kazi mpaka ipewe anuani, na fundi aliyeniuzia akanitengenezea moja hapohapo kaunta, akaniandikia kwenye kipande cha boksi la chaja. Nikakitunza kile kipande kama cheti cha ndoa. Baadaye nikafungua kibanda changu Chanika, Handeni mjini, cha kava na chaja, na mlangoni nikaandika ile anuani kwa rangi nyekundu. Hakuna mteja aliyewahi kuniandikia kuulizia kava. Ila watu wa nyumbani waliiona.

Sasa kwetu kuna utaratibu wa tangu enzi za barua za karatasi. Kwedizinga hakuna mtu aliyekuwa na sanduku lake posta. Lilikuwepo la shule, mengine ya dini. Ukiomba kazi unaandika jina lako, chini yake "kupitia kwa mwalimu mkuu", halafu unasubiri mtoto wa jirani arudi shuleni na bahasha yako. Hakuna aliyeona ajabu. Sanduku moja, kijiji kizima. Kwa hiyo zilipokuja fomu zinazotaka barua pepe, watu hawakuhangaika. Waliandika ya kwangu.

Mmoja aliomba kazi ya ulinzi, akaweka yangu. Mwingine alijiandikisha mafunzo ya ufugaji wa kuku kwenye mtandao, yangu. Vijana wa kubeti, yangu. Mzee jirani yetu, mjane mwenye heshima zake, alijisajili mahali fulani kutafuta mke wa pili wa maisha yake, akaweka yangu, na hakuniambia. Nilianza kupokea picha za akina mama wa mikoa mbalimbali wakiniuliza ninapenda chakula gani.

Kila mlango mmoja ukifunguliwa wanaingia kumi. Ukijisajili kuku, wanakuletea jarida la kuku, kisha la chakula cha kuku, kisha la mikopo ya kujengea banda, kisha la dawa ya kupunguza tumbo, ambalo nadhani waliniletea kwa kuangalia umri wangu. Kile kiduara chekundu kwenye simu kiliandika mia tisa tisini na tisa na alama ya kujumlisha, maana yake hata chenyewe kilikata tamaa ya kuhesabu.

Na mimi nililelewa. Mtu akikusalimia, unaitikia. Lile jarida la kuku lilianza kila asubuhi na "Habari za leo, rafiki". Ningefanyaje? Nikajibu. Nzuri, za huko, kuku hawajambo. Mengine yalirudi na maneno kwamba anuani ile haipokei majibu, nikasikitika, nikaona hawa nao masikini hawana sanduku. Chini ya kila barua kulikuwa na kineno kidogo cha kijivu, "Jiondoe". Sikukigusa. Mtu amekuja kwako asubuhi na salamu, wewe unamwonesha mlango?

Zilipozidi kabisa niliamua kuongea nao kistaarabu. Nikakaa kibandani nikaandika barua moja nzuri, ya kuwaomba wapumzike kidogo, si kwa ubaya, ni kwa sababu ya wingi. Nikaituma kwa wengi kadiri nilivyoweza.

Na mtaamini? Baada ya wiki mbili tatu wakanyamaza. Kimya. Hakuna kuku, hakuna mikopo, hakuna akina mama. Nilimwambia mke wangu, "Unaona? Watu wakiongeleshwa vizuri wanaelewa." Akaniangalia, akasema, "Hmm." Mke wangu ni Msambaa, na hiyo "hmm" yao ina kurasa nyingi, lakini siku hiyo sikuisoma.

Juu kabisa ya ukurasa wa imeili ulikuwepo mstari mwekundu, na kitufe cha kununua kitu. Nikasema hawa ndio waliobaki, wanauza. Ntawajibu wakisalimia.

Asubuhi moja ya Alhamisi dada yangu alinipigia kutoka Kwedizinga. Huyu ni mkubwa kwangu, analima mahindi, na ana binti mmoja. Hakunisalimia, kwa hiyo nikajua kuna jambo.

"Barua ya mtoto iko wapi?"

Nikamwambia shikamoo kwanza.

"Marahaba. Barua iko wapi?"

Huyo binti, mpwa wangu, alikuwa ameomba kusomeshwa uuguzi na shirika moja linalolipia mabinti ada mpaka wanamaliza. Kama si hilo shirika, chuo angekisikia redioni. Walimwambia majibu yatakuja kwa barua pepe, na anayeitwa kwenye usaili lazima ajibu kuthibitisha, vinginevyo nafasi yake anapewa mwingine. Fomu niliijaza mimi kibandani, mbele yake. Kwenye barua pepe, bila hata kuuliza, niliandika ya kwangu.

"Wenzake wawili waliomaliza naye wameitwa tangu wiki iliyopita," dada akasema. "Mwisho wa kujibu kesho. Wewe unasema hujaona kitu. Umeangalia kweli, au umeangalia kama ulivyokuwa unaangalia mbuzi?"

Kuna mbuzi alipotea mikononi mwangu nikiwa na miaka tisa. Dada hajafunga lile faili.

Nikaangalia. Niliandika "chuo" kwenye kisanduku cha kutafutia, zikaja barua zisizo na mwisho: chuo cha udereva, chuo cha biblia, chuo cha kuku. Nikaandika jina la binti, yakaja maombi ya zamani tu. Kwa Wazigua wa zamani mtoto wa dada ni wa mjomba, na wa sasa pia hawajaacha kabisa; shida ya mpwa haina pa kwenda ila kwangu. Nikamwambia dada, mlete mtoto Chanika sasa hivi, tunaenda Korogwe.

Korogwe yuko mama mkwe wangu.

Naomba nimweleze, maana bila yeye hii hadithi inaishia hapo juu. Mama mkwe alikuwa katibu muhtasi kwenye ofisi ya shamba la mkonge tangu enzi za mashine za kuchapa mpaka kompyuta zilipoingia. Barua zote za shamba zilipita mezani kwake. Alipostaafu alifungua steshenari Manundu, hapohapo mjini Korogwe, ana kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, na benchi la kusubiria. Mtu mpole, na sauti haipandi. Namwogopa kuliko polisi.

Na ni mkwe. Kwetu mkwe wa kike hukai naye karibu, hutaniani naye, humtazami usoni muda mrefu, huongei mbele yake mambo ya hovyo. Miaka yote ya ndoa nilikuwa nimefanikiwa kumfanya aamini mimi ni mtu wa maana. Sasa nilikuwa naenda kumfungulia imeili yangu.

Tulifika adhuhuri. Mpwa wangu ana miaka kumi na tisa, na njia nzima hakusema maneno hata kumi, amekumbatia bahasha ya nakala za vyeti vyake. Mama mkwe alikuwa anabana karatasi za mteja. Nilisimama mlangoni nikaangalia kizingiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibuni. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo mama."

"Na huyu ni binti wa dada yako. Amekua. Kaa, mama. Mbona mmekuja mmebeba nyuso hivyo?"

Binti akaeleza, vizuri kabisa, kwa ufupi. Mimi nikaongezea kwamba barua haipo, nimetafuta. Mama mkwe akafuta miwani yake, akaniambia niingie kwenye imeili pale kwenye kompyuta yake. Nikaingiza neno la siri huku nimeziba kibodi kwa mkono, halafu nikasogea pembeni, nikageukia ukuta wenye kalenda. Heshima.

Nikasikia panya wa kompyuta, klik, klik.

"Baba."

"Naam mama."

"Ujumbe wako wa mwisho kuingia ni wa lini?"

Nikamweleza kwa fahari kidogo kwamba wameacha, nimewaandikia kistaarabu, wakanielewa. Mpwa wangu akafunika mdomo.

"Hawakukuelewa," akasema. "Sanduku limejaa. Huu mstari mwekundu juu umeuona?"

"Nilidhani wanauza kitu."

"Wanauza nafasi, ndiyo. Lakini wanakuambia pia kwamba huwezi kupokea wala kutuma. Kila anayekuandikia barua inamrudia mwenyewe."

Kimya kile nilichokuwa najivunia kilikuwa ni mlango uliofungwa. Nikauliza, nikiwa bado nimeelekea ukutani, "Kwa hiyo tukipunguza, ya mtoto itaingia?"

"Hapana. Zilizorudi zimerudi. Hapa barua yake haipo, na haijawahi kuwepo. Hata ukitafuta mpaka Krismasi."

Binti akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo basi, mama?"

"Basi ya nini? Mtu aliyekuandikia bado yupo ofisini kwake. Barua imemrudia, anajua haikufika. Tunamwandikia sisi. Una simu?"

Anayo, ndogo, kioo kimepasuka kona. Mama mkwe akavuta kiti chake karibu na cha binti, na mimi hapo nikajisahau, nikapendekeza jambo. Kule kijiweni nilisikia kuna huduma za imeili za kulipia, hazina matangazo, hazimsomi mtu, watu wa mjini ndiko wanakohamia. Nikasema kwa nini tusimfungulie mtoto hiyo, ya kisasa, na mimi nihamie hukohuko tuanze upya.

"Ni nzuri," akasema mama mkwe. "Nazijua. Lakini huchagui sanduku kwa uzuri, unachagua kwa shida yako. Zile za kulipia, siku hujalipa inakuwaje? Na za bure za hao hao, nafasi ni ndogo kuliko hii uliyoijaza. Halafu shida yako si kusomwa, baba. Kama kuna mtu anazisoma hizi zote, tumwombee."

Sikucheka, maana ni mkwe. Nilikohoa.

Akamuuliza binti maswali, kama daktari. Simu ina nafasi kiasi gani? Kwedizinga mtandao unashika wapi? Unashika karibu na shule, nyumbani unakatika. Kompyuta utaishika mara ngapi? Labda chuoni. Nani anatakiwa akupate? Shirika, chuo, basi. Akasema kwa mtu wa namna hiyo inatosha ile ya bure iliyokuja na simu yenyewe, hakuna cha kupakua. Barua ikishaingia mtandao ukiwepo, unaweza kuisoma hata ukikatika, na ukiandika jibu linakaa pembeni linasubiri mtandao urudi. Na inajua kutenga takataka yenyewe kuliko nyingi.

"Laini yako imesajiliwa kwa jina la nani?"

"La kwangu, mama. Mjomba alitaka tuweke la kwake, nikakataa."

"Vizuri sana. Ukisahau neno la siri, watakutumia namba za kufungulia kwenye laini hiyo. Laini ikiwa ya mjomba, ufunguo ni wa mjomba."

Nikasema mimi ningeutunza vizuri. Wakaendelea na simu yao. Nadhani habari ya mbuzi ilishafika mpaka Korogwe.

Jina la anuani nalo lilikuwa shughuli. Binti alitaka lile analotumia kwa rafiki zake, lenye neno "malkia" na namba. Mama mkwe akamwambia, hilo utaliandika kwenye barua ya kuombea kazi miaka kumi ijayo, weka majina yako mawili kama yalivyo kwenye cheti cha kidato cha nne. Majina hayo tayari yalikuwa yamechukuliwa na mtu mwingine duniani, wakaongeza herufi ya jina la katikati. Ikakubali.

Halafu barua. Hapo nilijua ni sehemu yangu, mimi ndiye mzoefu wa kuandikia mashirika. Nikaanza kumsomea binti, "Andika: Ndugu wapendwa, kwanza natumaini hamjambo na familia zenu, sisi huku tu wazima, mvua..."

"Baba," mama mkwe akasema, "huyo anazo mia mbili za kusoma leo. Anaona kichwa cha barua kwanza. Mwanangu, pale juu weka jina lako kamili na namba ya ombi lako, na neno 'usaili'. Wala si 'salamu'."

"Na mvua tusiitaje?"

"Mvua ataiona dirishani."

Iliisha kwa mistari minne. Mimi ni fulani, ombi namba fulani. Anuani niliyoandika kwenye fomu ilikuwa imejaa, ujumbe wenu haukunifikia. Natumia hii kuanzia sasa, na simu yangu ni hii. Kama nimeitwa usaili nathibitisha nitafika. Wakaambatisha picha ya kitambulisho na ya ile karatasi ya kupokelea ombi. Binti akaisoma mara nyingi, akaniangalia.

"Mjomba, nibonyeze?"

Nikamwambia bonyeza. Akabonyeza macho amefumba.

Ikaja barua mara moja, nikasimama. Mama mkwe akasema kaa, hiyo ni ya mashine, inasema wamepokea tu. Nikakaa. Mpwa wangu alikuwa amekwisha kunishika mkono, akauachia.

Basi tukawa tunasubiri. Na mama mkwe si mtu wa kukaa bure. Akasema, "Sasa na hili lako." Nikamwambia mama usijisumbue, nitashughulikia mwenyewe. Akasema, "Wewe ndiye uliyeshughulikia mpaka hapa."

Wateja waliingia na kutoka, na mimi nilikuwa kwenye benchi la kusubiria, kichwa chini, huku mama mkwe wangu akisoma imeili yangu kwa sauti ile ile ya upole aliyokuwa anamsomea meneja wa shamba.

"Punguza tumbo kwa siku saba."

"Hiyo walijiletea, mama."

"Bashiri mechi za leo."

"Ya vijana, mama. Wa nyumbani."

Akafungua nyingine. "Baba. Kuna mama wa Singida anasema amependa ulivyo mtulivu."

Dunia ina siku zake. Nikajieleza habari ya mzee jirani, mjane, fomu, anuani, nikaapa, nikamtaja shahidi. Mteja aliyekuja kutoa kopi alikuwa ameacha kuhesabu karatasi zake. Mama mkwe akasubiri nikaisha pumzi.

"Nimeona jina la mzee huyo humu," akasema. "Nilitaka nisikie utasemaje." Na nakuapia, mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kuanzia hapo hofu ikapungua, nikasogeza benchi. Akanionesha kinachokula nafasi. Si zile barua hasa, ni picha na video. Simu yangu ilikuwa inapandisha huko juu kila video ya kila grupu: harusi, misiba, mahubiri, mbuzi anayecheza, na zote zinakaa kwenye nafasi ileile moja ya barua. Nilitaka azifute haraka. Akanizuia, akasema ukifuta huku zinaweza kufutika na kwenye simu, chagua za familia kwanza. Akazihamishia kwenye flashi. Ndipo akafuta. Akazima ile kupandisha video za magrupu. Akaandika kitu kwenye kisanduku cha kutafutia, zikajipanga zile barua zenye mizigo mizito tu, nazo akazifuta. Nikaona ule mstari mwekundu bado uko palepale, nikasikitika.

"Umezitoa ndani ukaziweka kwenye pipa," akasema. "Pipa bado liko uani kwako. Limwage." Akamwaga tupio. Muda kidogo ukapita, mstari ukapotea.

Nikamwonesha pia programu niliyokuwa nimepakua siku nyingi, ya kusafisha imeili, iliyosema itanimalizia matangazo yote kwa mguso mmoja. Nilidhani atanisifu. Aliisoma ruhusa yake taratibu.

"Hapa umemruhusu asome, atume na afute barua zako zote. Huyu ni nani?"

"Ni msafishaji, mama."

"Anakaa wapi?"

Sikujua.

"Analipwa na nani?"

Hiyo pia sikujua. Akasema wapo waaminifu, lakini wapo wanaoishi kwa kuuza wanachokisoma kwenye barua za watu, na kwa mtu asiyejua yuko na yupi, ni bora asiwe na yeyote. Vitu vyote anavyofanya huyo vipo tayari humo ndani ya imeili yenyewe. Nikafuta programu. Akasema bado, umemfukuza mwenye ufunguo lakini ufunguo kaondoka nao. Akaingia kwenye mambo ya usalama ya akaunti, akaiondolea ruhusa huko.

Na mlango ulivyofunguka, wageni wakarudi. Ting. Kuku. Ting. Mikopo. Nilijisikia vibaya, halafu vizuri, maana angalau sasa najua wapo hai. Akanifundisha. Hao niliowahi kujisajili kwao au watu wangu walijisajili, ni kampuni za kweli, bonyeza "Jiondoe" pale juu. Nikamwambia naona kama namfukuza mtu. Akasema, "Huyo si mtu, baba. Mtu ni huyu hapa anasubiri barua, na hao ndio waliomkalia kiti." Sijawahi kupata shida na kile kitufe tena. Wale nisiowajua kabisa, hata hicho kitufe chao nisikiguse, maana ukibonyeza unawaambia nyumbani kuna mtu. Niwaripoti kama taka tu. Jarida la kuku nilisema nalipenda, kweli nalipenda, akaliwekea kichujio: likija linaenda moja kwa moja kwenye lebo yake, halipiti mlango wa mbele, halipigi kengele, nitalisoma nikitaka.

Nikauliza kama bado nihame. Akasema usihame. Watu wote wanaijua hii, imeandikwa mlangoni kwako kwa rangi. Ukihama leo, nusu ya barua zitaendelea kuja huku na nusu kule, utakuwa na masanduku mawili yaliyojaa. Kinachotakiwa kuhama ni wenzako. Kila mtu wa Kwedizinga apate lake.

Ilikuwa alasiri imeanza kulala simu ya binti ilipolia. Haikuwa sauti kubwa, lakini mashine ya fotokopi nayo ilikuwa imesimama kwa bahati. Akaangalia kioo, hakuifungua.

"Soma wewe, mjomba."

Nikanyoosha mkono, mama mkwe akaniangalia tu. Nikaurudisha.

"Ni yako, mwanangu," akamwambia. "Imekuja kwako."

Akafungua. Alisoma kwa midomo, pole pole, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akatusomea kwa sauti. Walisema ujumbe wao ulirudi mara mbili, na kwenye fomu hapakuwa na namba ya simu. Jina lake bado lilikuwa kwenye orodha mpaka kesho, wameliwekea alama kwamba amethibitisha. Usaili Jumanne, Korogwe hapahapa, aje na vyeti halisi.

Mimi nililia. Naomba ijulikane wazi, wengine walibaki wakavu. Mteja mmoja akaniuliza kama nimefiwa.

Niliinuka nikamshukuru mama mkwe nikiwa nimeangalia chini, na maneno yote niliyozoea kuyaandikia majarida ya watu hayakuja hata moja. Nikasema tu, "Asante mama." Akasema, "Ni mtoto wetu." Neno "wetu" nimelibeba mpaka leo. Miaka yote nilidhani ananivumilia.

Jumapili nilienda Kwedizinga, nikakaa nje ya nyumba ya dada na simu yangu, nikawafungulia watu masanduku yao, mmoja mmoja, kila mtu kwa laini yake. Wengi waliona nimewafukuza. Mzee jirani alikuwa mgumu kuliko wote. "Sanduku langu peke yangu la nini? Nani ataniandikia?" Nikamnong'oneza habari za Singida. Akavuta kiti.

Lakini narudi ile Alhamisi, kabla hatujaondoka steshenari. Binti alimpigia mama yake. Mtandao wa kwao ukakata, akapiga tena, ukashika, nadhani dada alikuwa ametembea mpaka karibu na shule. Akamsomea yote.

"Nisomee pale mwanzo," dada akasema. "Pale walipokuita jina."

Binti akasoma majina yake, yote matatu.

"Tena."

Akasoma tena. Mama mkwe alikuwa amewasha mashine yake kuendelea na kazi za watu, akaizima ili wasikilizane vizuri.